Kasha la Kufuli Tatu

Kikao huanza kwa swali ambalo katibu haruhusiwi kulijibu. Kasha likiwa katikati ya mkeka, bado limefungwa, mwenyekiti huwageukia wanachama na kuwauliza: wiki iliyopita tuliacha shilingi ngapi? Watu hujibu kwa kumbukumbu, bila kufungua daftari lolote. Wakishakubaliana kiasi, washika funguo watatu husogea mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akafungua kufuli yake. Fedha humwagwa kwenye bakuli na wahesabu wawili huzihesabu kwa sauti, noti kwa noti. Kiasi kikilingana na kile walichokitaja, kikao kinaendelea. Kisipolingana, hakuna hisa itakayonunuliwa wala mkopo utakaotolewa mpaka ijulikane fedha zimekwenda wapi.

Mgeni anayekitazama kikao hiki kwa mara ya kwanza anaweza kushangaa. Hawa ni majirani waliozikana na kuozeshana watoto. Baadhi wamecheza pamoja tangu utotoni. Kwa nini basi wahitaji kufuli tatu? Anayekaa na kasha nyumbani kwake hana hata ufunguo mmoja. Wanaoshika funguo hawaruhusiwi kuwa viongozi. Kitabu cha kila mwanachama hupigwa muhuri mbele ya wote, na nafasi za hisa ambazo hakununua siku hiyo hupigwa mstari papo hapo, ili asije mtu baadaye akazijaza. Kila hatua imepangwa kana kwamba yeyote kati yao anaweza kuiba.

Jibu la mshangao huo ndilo kiini cha somo ambalo wanasosholojia wa maendeleo wamelishughulikia kwa miongo kadhaa. Kujuana hakutoshi kushikisha watu fedha za pamoja. Uaminifu wa kikundi unatengenezwa palepale mkekani, wiki kwa wiki, kwa taratibu ambazo hazimhitaji mtu yeyote amwamini mwenzake kwa macho yaliyofumbwa.

Wasomi hutumia neno “mtaji wa kijamii” kueleza thamani iliyomo katika uhusiano wa watu. Jambo lenyewe si geni. Fundi anayechukua mifuko mitano ya saruji dukani kwa mali kauli, bila dhamana wala hati, anatumia mtaji huo: mwenye duka anamjua yeye, anamjua mkwewe, na anajua pa kumpata. Mfaransa Pierre Bourdieu aliutazama mtaji huo kama rasilimali inayowanufaisha waliomo ndani ya mtandao, na hivyo kuwaacha walioko nje. Mmarekani Robert Putnam, katika utafiti wake juu ya Italia uliochapishwa 1993, aliutafuta katika vyama na desturi za ushirikiano za eneo zima. Lakini kwa anayetaka kuelewa kasha la kufuli tatu, mwenye msaada zaidi ni James Coleman.

Katika makala yake ya mwaka 1988, Coleman alitoa mfano wa wafanyabiashara wa almasi wa New York. Mmoja humkabidhi mwenzake mfuko wa mawe ya thamani kubwa akayakague faraghani, bila mkataba wala bima. Hilo liliwezekana kwa sababu wengi wao walikuwa Wayahudi wa jamii moja, wakiishi eneo moja la Brooklyn, wakioana na kusali pamoja. Mwizi angepoteza familia, ibada na kazi kwa siku moja. Coleman alisema nguvu hiyo inatokana na mtandao uliofungana: mimi nakujua wewe, wewe unamjua yule, na yule ananijua mimi, kwa hiyo habari ya ubaya wa mtu haina pa kujificha. Katika makala hiyohiyo alivitaja pia vyama vya kuchangiana fedha kwa zamu, ambavyo Waswahili wanaviita upatu.

Upatu unastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndio mama wa vikundi vyote hivi. Chukua wanawake kumi wanaotoa shilingi 10,000 kila wiki. Kila wiki mmoja anapokea 100,000. Wote wametoa sawa na wote watapokea sawa, lakini hawako katika hali moja. Anayepokea wiki ya kwanza ametoa 10,000 tu na kuondoka na 100,000, kwa hiyo amekopeshwa na wenzake tisa. Anayepokea wa mwisho amekuwa akiwakopesha wengine muda wote. Wa kwanza ndiye mwenye kishawishi cha kutoweka, na wa mwisho ndiye mwenye hofu. Ndiyo maana orodha ya zamu haipangwi ovyo. Kijumbe, yaani mtu anayezunguka kukusanya fedha na ambaye mara nyingi hupokea wa kwanza, huwa ni mtu mwenye nyumba na jina mtaani. Mhamiaji wa juzi huwekwa mwisho. Akivumilia mizunguko miwili au mitatu bila kuyumba, atapandishwa. Uaminifu hapa unapimwa kwa namba ya zamu, na kila mtu anaijua yake.

Upatu hauna kasha, kwa sababu fedha hazilali. Zinakusanywa asubuhi na jioni ziko kwa mwenyewe. Huo ndio uzuri wake, na hapohapo ndipo unapoishia. Mtoto akiugua wiki ya tatu na zamu yako ni ya tisa, upatu haukusaidii, labda uombe kubadilishana na mwenzako. Kikundi kinachotaka kukopesha mtu anapohitaji, wala si zamu yake inapofika, lazima kikubali fedha zilale mahali. Fedha zikishalala, swali linakuja: zinalala kwa nani?

Jibu moja lilipatikana mbali na pwani yetu. Mwaka 1991, katika eneo la Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilianza kufanya kazi na wanawake wa vijijini waliokuwa tayari na michezo yao ya kuchangiana. Mwanzilishi wa mpango huo, Moira Eknes kutoka Norwe, hakuwaletea mikopo. Alichoongeza ni utaratibu ambao uliwawezesha kukusanya fedha zao wenyewe, kukopeshana kwa riba na kugawana mwisho wa mzunguko. Kwa Kihausa uliitwa Mata Masu Dubara, wanawake wenye mbinu. Kutoka huko mbinu hiyo ilisambaa barani. Tanzania Bara ilizaa VICOBA, na Zanzibar ilifika vijijini kando ya msitu wa Jozani, Unguja, ambako CARE ilikuwa katika mradi wa kuhifadhi msitu na kima punju.

Wanavijiji wa kuuzunguka msitu walihitaji njia nyingine ya kujipatia kipato ili mkaa na kuni visiwe tegemeo, na vikundi vya kuweka na kukopa vikawa sehemu ya njia hiyo. Ulizaliwa hapo mwavuli ulioitwa JOSACA. La kufunza zaidi lilitokea baada ya mradi kumalizika. Miradi mingi hufa siku gari la mradi linapoacha kufika. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta kwamba Zanzibar vikundi viliendelea na vipya vikazaliwa, bila shirika kuvianzisha. Mtu aliyemwona shemeji yake akirudi na fedha za mgao alitaka kujua zimetoka wapi, na mafunzo yakapita kutoka kijiji hadi kijiji.

Kwa nini utaratibu ulisafiri kirahisi hivyo? Kwa sababu hauhitaji mhasibu. Tuchukue kikundi cha mfano na tukifuate mwaka mzima.

Wanachama ni 20. Wamepanga hisa moja iwe shilingi 2,000, na kila mtu anunue hisa moja hadi tano kwa wiki. Kikomo cha tano kina sababu: mwenye duka asije akawa na hisa mia wakati mama lishe ana moja, maana mwenye fedha nyingi kasha hatachelewa kuwa mwenye sauti kubwa. Kwa wastani wa hisa tatu kwa kila mtu, wiki moja huingiza 120,000. Baada ya wiki 48 kuna hisa 2,880 zenye thamani ya 5,760,000. Muda wote huo fedha hazikai bure. Mwanachama anaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake, kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Tuseme riba na faini vimeleta 1,152,000. Kasha lina 6,912,000. Gawa kwa hisa 2,880, kila hisa inapata 2,400. Mwenye hisa 144 aliweka 288,000 na anaondoka na 345,600. Hesabu nzima ni kugawanya mara moja, na mwanachama asiyejua kusoma anaweza kuhesabu mihuri kitabuni mwake kwa kidole.

Pembeni kuna mfuko wa jamii. Kila mtu hutoa kiasi kidogo kila wiki, pengine 500, ambacho hakina hisa wala riba. Hutolewa kwa msiba, maradhi au nyumba iliyoungua. Wanachama wengi huuthamini kuliko ukubwa wake, na wana sababu. Mfuko huo unageuza desturi ya kufa na kuzikana kuwa haki iliyoandikwa: mfiwa hapigi hodi kwa mtu kuomba, anapelekewa.

Sasa tuharibu hesabu yetu. Mwanachama mmoja mwenye hisa 100, yaani akiba ya 200,000, amekopa 600,000. Amelipa riba yote, lakini hajarudisha hata shilingi ya mkopo wenyewe, na mwezi mmoja kabla ya mgao amehama. Kikundi kinafuta hisa zake. Katika kasha hakuna tena 6,912,000 bali 6,312,000, na hisa zilizobaki ni 2,780. Kila hisa imeshuka kutoka 2,400 hadi karibu 2,270. Yule mwenye hisa 144 amepoteza kama shilingi 18,600.

Kiasi hicho hakimfilisi mtu, lakini kinauma. Na kwa kuwa kinauma kila mmoja kwa kadiri ya hisa zake, kila mmoja ana sababu ya kufungua mdomo siku mkopo unapoombwa. Mwombaji husimama, hutaja kiasi na kazi ya fedha, na wenzake humhoji. Wanajua mumewe amerudi baharini au bado yuko kitandani. Wanajua ana deni dukani. Wanajua kama ile cherehani anayotaka kuinunulia vitambaa inafanya kazi au ina mwaka imeharibika. Benki ingelipa fedha nyingi kupata habari hizo, na isingezipata. Mtandao uliofungana wa Coleman unafanya kazi yake hapa, kabla fedha hazijatoka. Watu hudhani nguvu ya kikundi ni aibu inayompata asiyelipa. Aibu ipo, lakini kikundi kinachoitegemea kimeshachelewa.

Ukubwa wa kikundi nao unatokana na hilo. Watu 20 wana uhusiano wa wawili wawili 190. Wakiwa 30, uhusiano ni 435, na hapo si rahisi kila mtu kumjua kila mtu vya kutosha. VICOBA, ambavyo kwa kawaida huwa na watu wapatao 30, vililitatua hilo kwa kuwagawa wanachama katika vikundi vidogo vya watano watano wanaodhaminiana.

Kujuana huku kuna gharama yake, na vikundi vingi hufia hapo. Ugonjwa wa kawaida hauanzi kwa wizi. Unaanza kwa huruma. Mwanachama amekopa 300,000 na mwezi umekwisha hana. Analeta riba peke yake, 15,000, na anaomba mkopo usogezwe. Ni mtu wa watu, amefiwa, nani atamkatalia? Mwezi wa pili analeta 15,000 nyingine. Baada ya miezi mitano daftari linaonyesha mapato ya 75,000 na kikundi kinaonekana kinachanua kuliko jirani zake. Kumbe zile 300,000 zimekwama, na kwa kila mwezi unaopita nafasi ya kuzirudisha inapungua. Watu sita wakifanya hivyo kwa pamoja, siku ya mgao kasha litakuwa na karatasi nyingi kuliko noti.

Dalili ziko wazi kwa anayezijua. Swali la kufungulia kikao linaanza kujibiwa na katibu badala ya wanachama. Hesabu haifanywi tena kwa sauti. Vitabu vya wanachama, ambavyo vinapaswa kufungiwa kasha, vinaonekana nyumbani kwa mtu “kwa ajili ya kurekebishwa”. Fedha zinatumwa kwa simu ya mweka hazina kati ya wiki, wanachama wanaambiwa kiasi baadaye. Kila moja ya hatua hizi huletwa kwa lugha ya kuaminiana: sisi ni ndugu, ya nini kuhesabiana? Mwanachama makini anapaswa kuyasikia maneno hayo kama kengele.

Undugu wenyewe una ugumu wa aina yake. Mwenyekiti akiwa mama mkwe wa mweka hazina, mweka hazina hawezi kumdai mbele za watu. Mwalimu wa madrasa au mjumbe wa shina akichelewa kulipa, mtoto wa juzi hatathubutu kumkumbusha. Hapo faini ndogo zinafanya kazi kubwa kuliko thamani yake. Kila aliyechelewa kikao hutoa 200, awe nani. Mara ya kwanza mwenyekiti mwenyewe anapotoa noti na kuidondosha kwenye bakuli la faini huku watu wakimwangalia, kikundi kimejifunza kwamba kanuni iko juu ya shikamoo. Heshima haikuvunjika, mtu mzima bado ataamkiwa kama kawaida. Lakini ndani ya saa moja ile ya kikao, kitabu chake kinahesabiwa kama cha mwingine yeyote.

Kwa wanawake, kanuni hiyo inawalinda hata na nyumba zao. Siwan Anderson na Jean-Marie Baland, katika utafiti uliochapishwa 2002 juu ya vyama vya Kibera, Nairobi, waliona kwamba wanawake wanaoishi na wenza wao walikuwa na mwelekeo mkubwa zaidi wa kujiunga. Maelezo yao ni kwamba chama kinaziondoa fedha mezani. Mume akiuliza ziko wapi, jibu ni kwamba ziko kwa wenzangu na siwezi kuzigusa, na jibu hilo ni la kweli. Mary Kay Gugerty, aliyechunguza vyama vya magharibi mwa Kenya na kuchapisha 2007, alionyesha upande mwingine: watu hujiunga pia kujilinda na nafsi zao, kwa kuwa akiba ya peke yako haina mtu wa kukuuliza usipoiweka. Kufuli tatu zinamzuia mwizi, na pia zinamzuia mwenye fedha mwenyewe siku ya Jumatano anapopita mbele ya duka la vitenge.

Katika jamii zenye Waislamu wengi, kama Unguja na Pemba, kuna suala ambalo halikwepeki: riba. Baadhi ya vikundi huiita ada ya mkopo, vikieleza kwamba inarudi kwa walewale walioitoa wakati wa mgao. Wapo wanachama ambao hawatulizwi na kubadilisha jina, na wana haki ya kutotulizwa. Kikundi chenye hekima hulimaliza jambo hilo kabla ya kikao cha kwanza, pengine kwa kukopeshana bila nyongeza. Likiachwa, siku moja mdaiwa asiyetaka kulipa ataligeuza kuwa ngao, na kikundi kitagawanyika vibaya.

Kuna pia watu ambao hawafiki mkekani kabisa. Wanachama huchaguana wenyewe, na utaratibu unataka iwe hivyo. Maana yake ni kwamba asiye na kipato cha kumwezesha kununua walau hisa moja kwa wiki hachaguliwi, au hajipeleki kwa kuchelea fedheha. Mjane mgonjwa, kijana aliyehamia karibuni, familia yenye sifa ya ugomvi, wote hubaki nje, na si kwa ubaya wa mtu. Bourdieu asingeshangaa. Ukuta uleule unaowafanya 20 waaminiane ndio unaomwacha wa 21 barazani.

Mtandao uliofungana sana una hatari nyingine, ambayo wakulima wa mwani wa Zanzibar wanaijua vyema. Kikundi ambacho wanachama wake wote wanaishi kwa mwani kinaaminiana kwa sababu wanatembea pamoja kwenda ufukweni maji yanapokupwa. Lakini mwani aina ya kotonii ulipoanza kufa kwa joto la maji, haukufa kwa mmoja. Wote walikosa fedha ya hisa wiki moja, na wote walihitaji mkopo wiki moja. Kusaidiana kunahitaji kwamba ukikwama wewe, mimi niwe nimesimama. Putnam alitofautisha uhusiano unaowafunga wanaofanana na ule unaovuka kwenda kwa wasiofanana, na tofauti hiyo kijijini inaonekana kwa jicho: kikundi kilichochanganya mkulima wa mwani, mshonaji, muuza samaki na mwalimu wa shule huvuka msimu mbaya kwa wepesi zaidi, hata kama kinabishana zaidi kwenye vikao.

Fedha kutoka nje huleta mtihani wa namna yake. Wanaofanya kazi na vikundi husema kuna fedha moto na fedha baridi. Moto ni zile zilizotoka mfukoni mwa wanachama, baridi ni za mfadhili au serikali. Halmashauri za Tanzania Bara hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kukopesha vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Nia ni njema na waliofaidika wapo. Hata hivyo Aprili 2023 serikali iliisitisha mikopo hiyo ili kupanga upya utaratibu, baada ya ukaguzi kuibua marejesho hafifu na vikundi hewa, kisha ikarejeshwa 2024. Kikundi kinachoundwa ili kupata mkopo wa halmashauri kina katiba, muhuri na picha za wanachama. Hakina wiki arobaini za kuhesabu noti pamoja, na hakuna fomu inayoweza kuzitoa.

Usajili wenyewe ni jambo tofauti. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi vya aina hii katika daraja la nne la watoa huduma, na kazi ya kuvisajili ikakabidhiwa mamlaka za serikali za mitaa. Cheti kinakipa kikundi jina mbele ya benki na mahakama, na kinamsaidia mwanachama aliyedhulumiwa kupata pa kushtaki. Hakiwezi kujua kama wahesabu wanahesabu kwa sauti.

Je, vikundi hivi vinawatoa watu kwenye umaskini? Utafiti mkubwa uliofanyika Ghana, Malawi na Uganda, uliochapishwa 2017 na Dean Karlan na wenzake, ulipima vijiji vilivyopata vikundi na ambavyo havikupata. Akiba na mikopo viliongezeka, biashara za kaya zikaimarika kiasi, na nafasi ya wanawake katika maamuzi ikapanda. Lakini kwa wastani matumizi ya familia hayakuonekana kuongezeka. Matokeo hayo yanapaswa kusomwa kwa utulivu. Shilingi 345,600 kwa mwaka zinanunua mabati, ada au mbuzi wawili. Hazijengi barabara, hazipandishi bei ya mwani. Anayewaambia wanavijiji kwamba kasha litafanya kazi ya serikali na soko anawadanganya. Linachofanya ni kumwezesha mtu kuwa na fedha nyingi kwa mkupuo siku anayozihitaji, bila kuuza kuku kwa bei ya hasara na bila kwenda kwa wakopeshaji wa kausha damu.

Mgao hufanyika mara moja kwa mzunguko, na ni siku ambayo mambo yote haya huonekana kwa pamoja. Mikopo yote lazima iwe imerudi, ndiyo maana kukopa husimamishwa wiki kadhaa kabla. Fedha humwagwa mkekani, hisa zote huhesabiwa, thamani ya hisa hutangazwa, na kila mmoja huitwa kwa jina kupokea chake. Kasha hubaki tupu. Kihesabu kikundi kimekwisha, hakuna anayemdai mwenzake.

Kisha mwenyekiti huuliza nani anataka kuendelea. Wengi hunyoosha mikono. Yule aliyesogeza mkopo wake miezi mitano anatazama chini. Hakuna atakayemfukuza, ila wiki inayofuata huenda habari ya saa ya kikao isimfikie, au hisa ipandishwe hadi kiwango wanachojua hatakiweza. Mgeni mmoja, jirani wa katibu, anaingizwa kwa makubaliano kwamba asikope miezi mitatu ya kwanza. Viongozi wanapigiwa kura upya kwa vijiwe ndani ya vikapu. Kufuli zilezile tatu zinarudishwa kwenye kasha, na funguo zinapewa watu wengine.